Cherehani ya Kubikishwa

Sikuwahi kutaka cherehani. Nalisema hili kwanza, maana ndilo nililolisahau baadaye, na kulisahau kwangu kulimgharimu mtu mwingine. Mimi ni mwanamke ambaye hata kifungo kikidondoka humwita jirani. Jirani huyo alikuwa fundi wa kushona, mdogo wangu kwa umri, na aliniita yaya, kama tunavyowaita dada wakubwa huku kwetu Uvira. Tulikuwa tumegawana ukuta mmoja wa matofali mabichi, kule Mulongwe, karibu na mto. Akikohoa nilisikia. Nikigombana na jiko langu alinicheka kutoka upande wa pili.

Asubuhi moja ya vita ya pili kupita mtaani kwetu, habari zilipofika kwamba askari wanashuka, mtaa mzima ulianza kubikisha. Kubikisha kwetu ni kumwachia mwenzio kitu akutunzie. Mtu anayekimbia hawezi kubeba nyumba, na akiacha vyote mahali pamoja vinaibwa vyote pamoja. Kwa hiyo unavitawanya: kitanda kwa huyu, redio kwa yule, mbuzi kwa shemeji. Na kuna sheria ambayo hakuna aliyeiandika. Kitu cha kubikishwa kinatumiwa ili kisioze, lakini hakiuzwi, na mwenyewe akirudi anakipata siku hiyohiyo.

Jirani yangu alikuja na cherehani yake kichwani, ile ya kuzungusha kwa mkono, ndani ya kisanduku chake cha mbao.

"Yaya, miye naenda," alisema. "Tutapitia Makobola, kule kuko mitumbwi ya kwenda Kigoma. Hii mashini nakubikishia weye. Ikikaa bure itashika kutu, ukuwe unaizungusha."

Mimi nilibaki. Nilikuwa na mama mgonjwa asiyeweza kutembea, na kusema kweli nilikuwa mkaidi. Nikampa sufuria yangu kubwa ya kupikia njiani, maana ya kwake ilikuwa imeshabikishwa kwingine. Alikwenda na binti yake mdogo mgongoni na sufuria yangu kichwani, pale ambapo dakika tano kabla palikuwa na cherehani.

Kazi yangu ilikuwa kufundisha uchumi katika chuo kimoja kidogo mjini. Wakati wa vita chuo kilifungwa na kufunguliwa kama mlango wa choo, lakini kila tulipofungua nilianza somo lilelile: mnunuzi mwenye akili timamu. Kitabu kinasema mtu huyu anajua anachokipenda, na hachanganyikiwi. Kama kwake sabuni na kikombe vina thamani sawa, basi ni sawa, iwe sabuni iko dukani au iko mfukoni mwake. Bei ya juu ambayo angekubali kukinunulia kitu, na bei ya chini ambayo angekubali kukiuza, hazipaswi kupishana sana. Nilimchora ubaoni kwa mistari mizuri iliyopinda. Nilimpenda mtu huyo. Katika mji ambao hakuna aliyejua kesho, yeye alikuwa anajua.

Kisha mwenzangu mmoja akaniletea kutoka Bujumbura karatasi kumi na mbili za fotokopi, zimefifia hadi nyingine nilizisoma nikiziegemeza dirishani. Zilisema kwamba mtu huyo hayupo. Au yupo, lakini ukimkabidhi kitu anageuka mwingine. Kitu kikishakuwa chake anakithamini zaidi, si kwa sababu kimebadilika, bali kwa sababu sasa kukitoa ni kupoteza. Na kupoteza kunauma zaidi ya vile kupata kunavyofurahisha, mara nyingi karibu maradufu. Nilizisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikasirika, mara ya pili nilicheka, mara ya tatu nikaenda sokoni kununua sabuni.

Nilinunua miche ishirini ya sabuni na vikombe ishirini vya plastiki, vya bei karibu sawa. Darasa moja niliwaacha wachague tu, mikono mitupu, kila mmoja aandike angependa kipi. Waligawanyika karibu nusu kwa nusu. Darasa la pili, lenye wanafunzi ishirini, niliwapigia kura kwa vijiti: kumi wakapewa sabuni, kumi vikombe, viwe vyao kabisa. Wakavishika, wakavinusa, tukaendelea na somo. Mwishoni nikasema, "Anayetaka kubadilisha, abadilishe. Sabuni kwa kikombe, kikombe kwa sabuni. Vyote ninavyo mezani, hakuna kutafutana."

Fikirini nilichotarajia. Niligawa kwa bahati nasibu, bila kujua nani anapenda nini. Kwa hiyo, hata kama darasa zima lingekuwa linapenda sabuni, kumi walioangukiwa na vikombe wangekuja mbio. Na kama walikuwa nusu kwa nusu, basi nusu ya kila upande ingekuwa imeshika isichokipenda. Kwa vyovyote vile, karibu watu kumi walipaswa kuinuka.

Waliinuka watatu.

Mmoja wa hao watatu alikuwa mwanafunzi mkubwa kuliko wote, mama mfanyabiashara anayepeleka vitenge Kamanyola na kurudi na maharage. Alinizidi umri, hivyo nilimwita mama na yeye aliniita Madame, na hakuna aliyeona ajabu. Alikuja mezani akaweka kikombe, akachukua sabuni, akarudi kukaa kabla wengine hawajamaliza kufikiri.

"Mama, wewe hukuona uchungu?" nilimuuliza.

"Uchungu wa nini, Madame? Miye kila siku bintu binapita mu mikono yangu. Kitu cha kuuzisha hakiingie mu roho. Kikiingia mu roho, biashara imekufa."

Darasa likacheka. Lakini kijana mmoja, kiongozi wa darasa, akanyanyua mkono, na nashukuru hadi leo kwamba alikuwa mbishi. Akasema jaribio langu lina kasoro. "Ni Madame mwenyewe njo ametupatia. Zawadi ya mukubwa hairudishwe mbele ya macho yake. Hiyo ni heshima, haiko hasara."

Alikuwa na haki. Kwetu huwezi kupewa kitu na mwalimu wako ukamwambia nipe kingine. Sikulala vizuri kwa sababu ya swali lile, na nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata tangu vita ianze. Wiki iliyofuata nilirudia na darasa jingine. Safari hii mama wa vitenge ndiye aliyegawa, mimi nikiwa nje, na kila mtu aliandika kwenye kikaratasi bila jina kama anataka kubadilisha. Walitaka wanne tu. Heshima ilikuwepo, sawa, lakini haikutosha kueleza yote. Kisha nikajaribu noti: wengine noti moja kubwa, wengine ndogo mbili za thamani ileile. Hapo walibadilishana kama wanaopeana njugu, bila hata kuangalia. Fedha ni ya kupita. Kikombe, kwa nusu saa tu, kilikuwa kimeshapata mwenyewe.

Jioni nilimsimulia mama yangu. Akasema, "Kwa hiyo umetumia sabuni zote hizo kujua kwamba watu hawapendi kunyang'anywa." Mama yangu hakuwa na subira na elimu.

Wakati huo wote cherehani ilikuwa ndani. Mwanzoni niliizungusha kama nilivyoagizwa, mara moja kwa wiki, bila uzi. Kisha nikatia uzi, kuona tu. Nikashona pindo la pazia likaenda upande kama mlevi. Nikashona tena. Mto ulipofurika na maji kuingia nyumbani hadi magotini, nilimtoa mama kwanza, kisha nikarudi kwa cherehani, na vitabu vyangu vikalowa vyote. Mpini wake wa mbao ulipopasuka nilimlipa seremala achonge mwingine. Niliipaka mafuta kila Jumamosi. Nilijua sauti yake ikiwa na kiu. Mgeni akiuliza, "Hii ni ya nani?" nilijibu, "Ya jirani." Mwaka uliofuata nilijibu, "Imebikishwa hapa." Mwaka wa tatu nilijibu, "Karibu chai."

Jirani yangu alirudi Jumamosi asubuhi, vita haijaisha, ila kambi ya wakimbizi ng'ambo ya ziwa ilikuwa imemchosha kuliko vita. Alikuwa amekonda, mifupa ya shingo imetokeza. Binti aliyebebwa mgongoni sasa alitembea mwenyewe. Tulikumbatiana tukalia, na machozi yangu yalikuwa ya kweli kabisa, naapa. Nyumba upande wake ilikuwa imeanguka kwenye mafuriko, kwa hiyo alifikia kwa shangazi yake, mitaa miwili juu.

Alikuwa ameshazunguka. Kitanda chake kilichomwa kuni. Redio iliibwa. Mbuzi, shemeji alisema, alikufa, ingawa mtaa mzima ulikumbuka harufu ya kufa kwake. Kisha akatazama nyuma yangu, ndani ya nyumba.

"Yaya, na ile mashini iko?"

"Iko," nilisema.

"Mungu akubariki. Niko na kazi tayari. Kwaya ya kanisa banataka blauzi kumi na mbili, ni za siku ya Bwana inayokuya. Batanileteya kitambaa siku ya kwanza asubuhi. Nikikosa hii kazi, sijui tutakula nini."

Siku ya kwanza ni Jumatatu; siku ya Bwana aliyoitaja ni Jumapili ya mwisho wa wiki hiyo. Cherehani ilikuwa hatua nne kutoka tuliposimama. Nilichopaswa kufanya ni kugeuka, kuinama, kuinua. Badala yake nikasikia mdomo wangu ukisema, "Sindano imekwama kidogo. Niache niirekebishe, nitakuletea siku ya kwanza."

Haikuwa imekwama. Nilikuwa nimeipaka mafuta asubuhi ileile.

Alisema asante. Hilo ndilo lililonitia hasira, na hasira nikaielekeza kwake. Alipoondoka nilijihesabia haki zangu kama wakili: mpini nimetengeneza mimi, mafuta nimenunua mimi, nani aliyeibeba kwenye mafuriko? Angeniachia mimi, ningeinunua kwake. Ndiyo, ningeinunua! Nikatafuta bei ya haki ya kumpa, nikaona ndogo inafaa, maana ni mashine ya zamani, imepauka. Kisha nikajiuliza kama ningekuwa mimi ninayeiuza ningetaka ngapi, na bei iliyonijia ilikuwa kubwa mno, maana ni mashine ya zamani, za siku hizi si imara kama hizo. Uzee uleule ulikuwa umepunguza bei na kuipandisha ndani ya kichwa kimoja, na mimi nilikuwa nafundisha jambo hilo. Mama yangu alinitazama kutoka kitandani kwake. Kisha akageukia ukutani.

Jumatatu nilikuwa na darasa asubuhi. Niliondoka nyumbani mapema kuliko kawaida, na sababu mnaijua. Ningeweza kupitia kwa shangazi yake. Nilipitia njia nyingine.

Darasani nilitaka kuwaonyesha wanafunzi kwamba jambo la sabuni na vikombe si mchezo wa chuoni. Nikawaambia wachukue karatasi. "Andikeni vitu vyenu vilivyobaki kwa watu wengine tangu vita." Kalamu zilikimbia. Viti, mabati, ngoma, Biblia ya babu, taa yenye kioo kilichopasuka upande wa kushoto. Walikumbuka hata mkwaruzo. Kijana mbishi aliomba karatasi ya pili.

"Sasa geuzeni," nikasema. "Andikeni vitu vya watu wengine vilivyo kwenu."

Kalamu zikasimama. Mmoja akaandika kitu akakifuta. Wawili wakatazamana. Ishirini hawa, kila mmoja amebikisha kwa watu, na inaelekea hakuna hata mmoja aliyebikishwa! Nilifungua mdomo niwatanie, na chaki ilikuwa mkononi, ndipo nikaona kwamba kama ningekuwa nimekaa kwenye dawati, karatasi yangu ingekuwa nyeupe pia.

Mama wa vitenge alikuwa ananiangalia. "Madame, uko na shida?"

Sijui kwa nini nilimwambia yeye, mbele ya wote. Niliwaambia kuhusu cherehani, na kuhusu sindano ambayo haikukwama. Hakuna aliyecheka.

"Siku ile weye hujapewa hii mashini," akauliza, "kama mutu angekuuliza, unataka mashini ao unataka sabuni ya mwezi muzima, ungechagua nini?"

"Sabuni," nilisema. Halikuhitaji kufikiriwa. Sikuwahi kutaka cherehani.

"Basi rudisha, ukuye na mikono mitupu. Utaona kama ni ngumu kuishi."

Niliacha darasa likiwa na robo tatu ya saa bado. Nilifika nyumbani, nikafunika cherehani, nikaiinua kichwani. Ilikuwa nzito kuliko siku ya mafuriko. Mwalimu wa chuo, viatu vya kisigino, cherehani kichwani, saa saba ya mchana katikati ya Mulongwe: watoto walinifuata wakishangilia, na nilistahili.

Jirani yangu alikuwa amekaa kwenye mkeka uani kwa shangazi yake. Mbele yake palikuwa na kitambaa cha bluu, kimekunjwa. Kidogo sana kwa blauzi kumi na mbili.

"Balikuya asubuhi," alisema kabla sijatua mzigo. "Nikabaambia mashini iko kwa yaya, anaitengeneza sindano, anakuya sasa hivi. Bakangoya mpaka saa sita. Kisha bakasema basi. Bamepeleka nusu kwa fundi mwingine. Baliniachia sita, na zinatakiwa leo jioni, banataka kuzijaribu. Kama haziishe leo, nazo zinaenda."

Nilitua cherehani. Nikasema ukweli. Nikasema, "Sindano haikukwama. Nilishindwa kuitoa. Nisamehe, mdogo wangu." Niliona aibu ambayo hata sasa, nikiandika, inanipandisha joto shingoni.

Aliinuka akaingia ndani, nikajua anakwenda kumwita shangazi aje kunifukuza. Akarudi na sufuria. Sufuria yangu kubwa, nyeusi kabisa chini, imebonyea ubavu mmoja, sikio moja limefungwa kwa waya. Akaisimamisha chini kati yetu, lakini mkono wake mmoja ulibaki umeshika lile sikio la waya.

"Siku ile nimefika kwako nilikuwa nimerudi nayo," alisema. "Niliiacha kwa shangazi. Njia yote kutoka kambini nilipanga kusema imepotea mu ziwa. Nilipikia mutoto wangu ndani yake miaka yote ile. Nikasema, yaya iko na zingine."

Sikuwa na zingine. Wala sikuwa nimeikumbuka. Nilikuwa nimepika katika sufuria ndogo miaka mitatu bila kuilalamikia hata siku moja, na sasa, nilipouona mkono wake pale, nikaitaka! Nikaanza kucheka. Yeye akaniangalia kwa mashaka, kisha naye akacheka, tukacheka hadi shangazi akatoka kuona kuna nini.

"Kaa nayo," nilisema. "Miye nimeshazoea ndogo."

Aliangalia kama nasema kweli. Nilisema kweli. Akaiondoa haraka, kabla sijabadilika.

Kisha akafunua cherehani. Akapitisha kidole kwenye mpini mpya, akauzungusha mara moja tupu, akasikiliza. "Umeitunza," akasema tu. Cherehani ya mkono ina tabu moja: mkono wa kulia unazungusha, na kitambaa kinabaki kwa mkono wa kushoto peke yake. Blauzi sita hadi jioni kwa mkono mmoja ni ndoto. Kwa hiyo nilivua viatu, nikakaa upande wa kulia wa mkeka, nikashika mpini. Yeye akashika kitambaa kwa mikono yote miwili.

Tulikwenda hivyo mchana wote. Sikuweza kushona pindo lililonyooka miaka mitatu. Chini ya vidole vyake mshono ulikwenda kama njia ya barabara kuu. Wakati wa kola ya blauzi ya tatu nilihisi ugumu ninaoujua, nikasema bila kufikiri, "Polepole, mashini yangu haipendi kona kali."

Akaweka kiganja juu ya gurudumu, likasimama. Akanitazama. Nikaondoa mkono kwenye mpini.

"Zungusha, yaya," akasema. "Kungali zingine tatu."